Shajara ya mradi: kadi 54 za en, au, aux na à

Kinachotengenezwa

Ni seti ya kadi za kufundishia vihusishi vya Kifaransa vinavyokaa mbele ya majina ya nchi na miji. Walengwa ni wanafunzi wa sekondari na watu wazima wanaoanza Kifaransa hapa Dodoma. Seti ina nchi 54 za Afrika ambazo ni wanachama wa Umoja wa Mataifa, pamoja na miji 18. Upande mmoja wa kadi una jina. Upande wa pili una kihusishi cha kwenda au kuwepo, na chini yake kihusishi cha kutoka. Zoezi la mwisho ni safari ya barabara kuu kutoka Cape Town hadi Kairo, ile inayopita Tunduma, Iringa, Dodoma na Babati. Mwanafunzi anaipanga mezani kwa kadi, kisha anaisimulia kwa Kifaransa.

Shida yenyewe inaanzia kwenye Kiswahili chetu. Tunasema "naishi Dodoma, nakwenda Dodoma, natoka Dodoma". Jina limetulia palepale, halina kitu mbele wala nyuma, kwa sababu mwelekeo wote umebebwa na kitenzi. Hata ile *-ni* ya nyumbani na shuleni hatuipachiki kwenye majina ya miji na nchi. Kifaransa hakikubali. Ni *à Dodoma* kwa kuishi na kwenda, *de Dodoma* kwa kutoka, na ukishahama kutoka miji kuingia nchi unakuta *au Kenya, en Ouganda, aux Comores, à Madagascar*. Nchi nne, vihusishi vinne, na kwa Kiswahili zote ni "nakwenda" tu. Anayeanza anaona kama vimegawiwa kwa bahati nasibu.

Wiki ya 1: kukata kadi, na kosa la jina tupu

Karatasi ngumu ya A4 inakatwa vipande vitatu kwa urefu na vitatu kwa upana, inatoa kadi 9 za sentimeta 9.9 kwa 7. Nchi 54 zikatumia karatasi 6 bila kubaki kipande. Miji 18 ikatumia 2.

Mzunguko wa kwanza wa kuandika ulilazimika kutupwa wote. Kadi zilikuwa na majina matupu: Kenya, Tanzanie, Comores, Madagascar. Ukimpa mwanafunzi kadi iliyoandikwa Kenya hana pa kushika. Lazima abahatishe au akariri. Kadi zikaandikwa upya zikiwa na kile kineno kidogo kinachotangulia jina: *le Kenya, la Tanzanie, l'Ouganda, les Comores*, na *Madagascar* pekee yake, kwa kuwa hakina. Hapo ndipo kihusishi kinaanza kujitokeza chenyewe, maana *au* si neno geni. Ni *à* na *le* yaliyogandana. *Aux* ni *à* na *les*. Anayejua kwamba Kenya ni *le Kenya* ameshafika nusu ya njia ya *au Kenya*.

Kwa nchi za kike hakuna kugandana. *La* inaondoka kabisa, *en* inakaa mahali pake: *la Tanzanie*, *en Tanzanie*. Kosa la *en la Tanzanie* hutokea pale mwanafunzi anapoona *le* imebaki ndani ya *au* akadhani *la* nayo lazima ibaki mahali fulani.

Wiki ya 2: maswali manne, na kuhesabu mafungu

Kabla ya kupaka rangi ilibidi kila nchi ipangwe kwenye fungu lake. Tulitumia maswali manne, na utaratibu wake ni muhimu kuliko maswali yenyewe. La kwanza: je, jina lina kineno mbele? Kama halina, weka *à*. La pili: je, ni wingi? Kama ni *les*, weka *aux*. La tatu: je, ni la kike, au linaanza na irabu? Lolote kati ya hayo mawili likiwa kweli, weka *en*. La nne si swali tena, ni mabaki: jina la kiume linaloanza na konsonanti, weka *au*.

Kwa Afrika mafungu yalitoka hivi. *Au* ina nchi 25, *en* ina 23, *à* ina 4, *aux* ina 2. Jumla 54.

Katika zile 23 za *en*, nchi 20 ni za kike na 3 ni za kiume zinazoanza na irabu: *l'Angola*, *l'Ouganda* na *l'Eswatini*. Hizi tatu ndizo zinazosumbua wenye bidii, wale waliokwisha kukariri kwamba *en* ni ya kike. Wanaandika *au Ouganda* na wanaweza kukutetea jibu lao. Maelezo yaliyowaingia haraka kuliko yote yalitoka kwenye Kiswahili. Kiambishi *ki-* kikikutana na irabu mara nyingi hugeuka *ch-*, ndiyo maana tuna chakula na chombo, si kiakula wala kiombo. Ulimi unakwepa irabu mbili zilizobanana. *Au Ouganda* ingebananisha "o" na "u". *En Ouganda* inaleta sauti ya "n" katikati, na lazima isikike: ile "n" inaungana na neno linalofuata, unasikia "nuganda". Asiyetamka "n" hiyo anaandika sahihi na kusema vibaya.

Nchi 4 za *à* ni Djibouti, Madagascar, Maurice na São Tomé-et-Principe. Tatu ni visiwa, Djibouti iko bara. Kwa hiyo "visiwa huchukua *à*" ni kanuni inayovuja pande zote mbili. Inaikosa Djibouti, na inavikosa visiwa vya Comores na Seychelles, ambavyo ni vya wingi na vinachukua *aux*. Kinachoamua ni kutokuwepo kwa kineno, si bahari. Zanzibar, Pemba na Mafia havina kineno, navyo vinachukua *à*. Kwa Maurice, ukiweka neno kisiwa mbele unapata *à l'île Maurice*, na hiyo pia ni sahihi.

Rangi zilikosewa mara ya kwanza. Kadi zilipakwa buluu kwa kiume na nyekundu kwa kike, kisha wanafunzi wakaambiwa buluu ni *au*. Ouganda ni buluu na inachukua *en*, kwa hiyo rangi ikawa inawadanganya. Sasa rangi iko nyuma ya kadi na inafuata kihusishi, si jinsia: buluu ya *au*, nyekundu ya *en*, kijani ya *aux*, njano ya *à*. Jinsia imewekwa mbele kwa herufi ndogo, m au f, pembeni mwa jina. Bila herufi hiyo kadi ya *l'Ouganda* haisemi jinsia yake, maana *l'* imeificha.

(Kadi za karatasi hazifai kutandazwa nje kipindi cha upepo wa Dodoma. Vibanio vya nguo na kamba iliyofungwa kati ya madirisha mawili vimetatua hilo.)

Wiki ya 3: herufi e, na Msumbiji

Njia ya mkato inayofundishwa kila mahali ni kwamba nchi inayoishia na *e* ni ya kike. Tuliijaribu juu ya kadi zote 54 tuone inashika kiasi gani. Kwa majina yenye maneno zaidi ya moja, isipokuwa *la Sierra Leone* linalosomwa zima, unatazama neno kuu: *l'Afrique du Sud* ni *Afrique*, *la République démocratique du Congo* ni *République*, *la Guinée-Bissau* ni *Guinée*. Ukifanya hivyo, nchi zote 20 za kike zinaishia na *e*. Na nchi zinazoishia na *e* lakini ni za kiume ni mbili tu: *le Mozambique* na *le Zimbabwe*.

Mbili kati ya 54 ni chache, ila moja ni jirani yetu. Katika nchi 8 zinazopakana nasi kwa nchi kavu au kwa maziwa, Msumbiji ndiyo pekee inayovunja kanuni, na kwa bahati mbaya hutajwa mara nyingi. Mwanafunzi mmoja aliishika kadi akaitazama pande zote mbili.

"Mwalimu, hii imekosewa. Mozambique ina *e* mwishoni."

"Isome kwa sauti na kineno chake."

"*Le Mozambique*."

"Sasa weka *à* mbele."

"*À le*... *au Mozambique*." Akaigeuza tena, akaona buluu, akaibana kwenye kamba kati ya Malawi na Kenya bila kuuliza zaidi.

Hicho ndicho tulichobaki nacho kama namna ya kufundisha: njia ya mkato ya *e* inatumika kukisia jinsia ya nchi mpya, lakini ikigongana na kineno kilichoandikwa, kineno ndicho kinachoshinda. Nje ya Afrika kuna wengine wa namna ya Msumbiji: *le Mexique, le Cambodge, le Belize, le Suriname*. Tumewaandika kwenye kadi moja ya akiba.

Wiki ya 4: atlasi ya zamani

Hii haikuwa kwenye mpango. Wakati wa kukagua tahajia tulitumia atlasi mbili, moja ya zamani sana, na tofauti zake zikageuka somo zuri kuliko yote katika mradi huu.

Atlasi ya zamani ina *le Tanganyika*. Kabla ya Muungano wa 1964 Mfaransa alisema *au Tanganyika*. Baada yake ni *en Tanzanie*. Ardhi ni ileile, Dodoma iko palepale, ila kihusishi kimebadilika kwa sababu jina limebadilika jinsia. Jirani zetu wa magharibi walikuwa *au Zaïre* tangu 1971, na kuanzia 1997 wakawa *en République démocratique du Congo*. *En Rhodésie* ikawa *au Zimbabwe* mwaka 1980. *En Haute-Volta* ikawa *au Burkina Faso* mwaka 1984. *Au Swaziland* ikawa *en Eswatini* mwaka 2018, na hii ya mwisho haikubadili hata jinsia: yote mawili ni ya kiume, kilichobadilika ni herufi ya kwanza, konsonanti ikawa irabu.

Mifano hii mitano iliandikwa kwenye bango moja, jina la zamani kushoto, jipya kulia, mwaka katikati. Inajibu swali ambalo wanafunzi huliuliza kila muhula: kwa nini Kenya ni mwanaume na Tanzania ni mwanamke? Hakuna kitu cha kike ndani ya Tanzania wala cha kiume ndani ya Kenya. Jinsia ni ya neno. *Tanzanie* imefuata mkumbo wa maneno ya Kifaransa yanayoishia *-ie*, kama *Zambie, Namibie, Somalie, Éthiopie*. Kenya haikupewa mkia huo, ikaangukia upande wa kiume pamoja na majina mengi yaliyoingia Kifaransa bila kuvishwa *e*: *le Rwanda, le Burundi, le Malawi, le Botswana*.

Tahadhari moja kuhusu Kongo. Sisi tukisema "Kongo" bila kuongeza neno, kwa kawaida tunamaanisha ile ya Kinshasa. Kwenye kadi *le Congo* ni ile ya Brazzaville, na kihusishi chake ni *au*. Ya Kinshasa ni *en RDC*. Wakongomani wenyewe katika mazungumzo husema *au Congo* kwa nchi yao ya Kinshasa na hawajakosea, kwa kuwa wanatumia jina fupi. Kosa ni kuchanganya, yaani *au RDC* au *en Congo*.

Wiki ya 5: jedwali la kompyuta

Ili anayetaka kuongeza nchi asitegemee kumbukumbu ya mtu, maswali manne yaliingizwa kwenye jedwali. Safu A ni jina bila kineno. Safu B ni aina: m, f, p kwa wingi, h kwa majina yasiyo na kineno. Safu C ni sauti ya kwanza: i kwa irabu, k kwa konsonanti. Safu D inatoa kihusishi cha kwenda:

```
=IF(B2="h","à",IF(B2="p","aux",IF(OR(B2="f",C2="i"),"en","au")))
```

Na safu E kihusishi cha kutoka:

```
=IF(B2="p","des ",IF(AND(B2="m",C2="k"),"du ",IF(C2="i","d'","de ")))
```

Toleo la kwanza lilitoa *au Madagascar, au Djibouti, au Maurice*. Nchi zote nne za fungu la *à* ziliangukia *au*. Sababu: badala ya h tulikuwa tumeweka 0, na fomula ilikuwa inauliza `B2="0"`. Jedwali linaihesabu 0 iliyochapwa kuwa namba, na "0" yenye alama za kunukuu kuwa maandishi, na haviwi sawa hata siku moja. Swali la kwanza likajibiwa hapana, la pili hapana, la tatu hapana, zikamwagikia kwenye mabaki. Dalili ya kosa la namna hii ni kwamba halikosei ovyo: fungu zima linahama pamoja. Tulibadili 0 kuwa h, likapona.

Kosa la pili lilikuwa nafasi. *D' Ouganda* yenye nafasi katikati haipo katika Kifaransa. Ndiyo maana katika safu E nafasi imewekwa ndani ya alama za kunukuu kwa *des*, *du* na *de*, na imeachwa kwa *d'*. Safu inayounganisha ni `=E2&A2` bila kuongeza kitu.

Safu C inajazwa kwa sikio. Kwa Afrika herufi ya kwanza inatosha, lakini ukitoka nje ya bara itakuangusha. *Le Yémen* inahesabiwa konsonanti: *au Yémen, du Yémen*. *La Hongrie* ina *h* inayozuia muungano: *de Hongrie*. *Haïti* kwa kawaida inaungana: *d'Haïti*. Na fomula ya D ina mahali inapokwama waziwazi: *Israël* haina kineno, kwa hiyo inapewa *à*, wakati Wafaransa husema *en Israël*. *Haïti* nayo huenda pande mbili, *en Haïti* na *à Haïti*. Hatukubadili fomula kwa ajili ya nchi mbili. Zimeandikwa kwa mkono na kupakwa rangi ya kijivu ili mtu asije akazifuta akidhani ni kosa.

Wiki ya 6: miji

Miji ni rahisi: *à* ya kwenda na kuwepo, *de* ya kutoka, *d'* mbele ya irabu. *À Iringa, d'Iringa. À Arusha, d'Arusha.* Kinacholeta kazi ni miji iliyobeba kineno ndani ya jina lake, na safari yetu inaanza na kuisha na miji ya aina hiyo. Cape Town ni *Le Cap*. Kairo ni *Le Caire*. *À* inagandana na *Le* kama kawaida: *au Cap, au Caire*. Kutoka ni *du Cap, du Caire*. Yule herufi kubwa *L* anatoweka, na wanafunzi hawapendi kumwacha aende, wanaandika *à Le Caire*. *La* haigandani na chochote, kwa hiyo Makka ni *à La Mecque, de La Mecque*, na The Hague ni *à La Haye*. Seti ina kadi hizo mbili na *Le Havre*, ili *au* ya mji ionekane pia nje ya Afrika.

Hatari iliyojitokeza hapa: mwanafunzi akishazoea *au Caire*, anaanza kudhani *Le Caire* ni nchi. Na kuna *au Cap* (mji) na *au Cap-Vert* (nchi) zinazofanana hadi mwisho. Kadi za miji zimekatwa pembe moja ili zijulikane hata kwa kugusa.

Kuna upande mzuri wa jambo hilohilo. Majina mengine ni ya mji na nchi kwa pamoja, na kihusishi ndicho kinachotofautisha. *Au Luxembourg* ni nchi, *à Luxembourg* ni mji. *Au Panama* ni nchi, *à Panama* ni mji. Djibouti ndiyo isiyokupa msaada wowote: nchi ni *à Djibouti*, mji ni *à Djibouti*. Imeandikwa kwenye kadi mbili zenye majibu yaleyale, na kila mara mtu anatuambia tumerudia kadi.

Wiki ya 7: safari kamili

Hili ndilo andiko la mfano, lililosahihishwa mara tatu:

*Nous partons du Cap, en Afrique du Sud. Nous passons au Botswana, puis au Zimbabwe et en Zambie. Nous entrons en Tanzanie à Tunduma, nous dormons à Iringa et nous arrivons à Dodoma. De Dodoma, nous allons à Babati, à Arusha, puis au Kenya. Du Kenya, nous montons en Éthiopie. D'Éthiopie, nous passons au Soudan, et du Soudan en Égypte. Nous arrivons enfin au Caire.*

Kila nchi hapa ina sababu ya kuwepo. Zimbabwe inajaribu mtego wa *e*. Zambia inafuata mara moja baada yake, ikiwa na *e* ya kweli. Ethiopia na Misri ni za kike na zinaanza na irabu, kwa hiyo maswali yote mawili ya *en* yanajibiwa ndiyo, na kutoka inakuwa *d'Éthiopie, d'Égypte*. Sudan inakaa kati yao ikiwa ya kiume. Mtu akikosea *en Soudan* ujue ameacha kuuliza maswali, anafuata mdundo wa sentensi iliyopita.

Makosa yaliyobaki hayakuwa kwenye vihusishi vyenyewe. Yalikuwa kwenye vitenzi na maneno yasiyovitaka. *Traverser* na *visiter* vinachukua jina na kineno chake, basi: *nous traversons la Zambie, nous visitons le Kenya*. Baada ya *par* na *pour* ni hivyohivyo: *nous passons par le Botswana, nous partons pour la Tanzanie*. Tuliona *par au Botswana* na *visiter en Zambie*, yaani mtu ameshika kihusishi sahihi na kukibandika pasipo na tundu. Kwenye kadi ya maelekezo tumeongeza mstari: kwanza tazama kitenzi kama kinaomba kihusishi, halafu ndipo ugeuze kadi.

Safari hii haigusi *aux* hata mara moja, kwa sababu nchi mbili za wingi za Afrika zote ziko baharini. Imeongezwa safari ndogo ya pili kutoka Dar es Salaam: *de Dar es Salaam aux Comores, des Comores à Madagascar, de Madagascar aux Seychelles*. Hapa Kiswahili kinaficha wingi kabisa. Comoro na Ushelisheli tunazitaja kama kitu kimoja, sawa na Marekani na Uholanzi, ambazo kwa Kifaransa ni *les États-Unis* na *les Pays-Bas*. Kiambishi cha *U-* mbele ya Uholanzi au Ushelisheli hakikuambii lolote kuhusu *aux*.

Wiki ya 8: de Tanzanie au de la Tanzanie

Suala hili lilitufanya turudishe kadi 20. Nyuma ya nchi za kike tulikuwa tumeandika kwa kutoka: *de / de la*, kwa sababu vyote viwili vinaonekana vitabuni. Vyote vipo, lakini si kwa kazi moja. Mtu anayetoka mahali ni *je viens de Tanzanie*, bila *la*. Mali au sehemu ya nchi ni *de la*: *Dodoma est la capitale de la Tanzanie*. Kwa nchi za kiume tofauti hii haionekani, kwa kuwa *du Kenya* inafanya kazi zote mbili: *je viens du Kenya, la capitale du Kenya*. Ndiyo maana anayejifunza kwa mifano ya Kenya peke yake anafika Tanzania na kuandika *je viens de la Tanzanie*.

Jaribio la haraka ni la Kiswahili. Kama sentensi yako ina "natoka", ondoa *la*. Kama ina "wa", "ya" au "la" ya umiliki, iache: mji mkuu wa Tanzania, *de la Tanzanie*. Lina mwanya kwenye majina ya kiofisi, maana ubalozi wa Tanzania ni *l'ambassade de Tanzanie* ingawa Kiswahili kina "wa". Mwanya huo umeandikwa kwenye kadi ya maelekezo kwa mfano huo mmoja. Kadi 20 zimefutwa *de la*, zimebaki na *de* au *d'*.

Kilichobaki

Kubandika plastiki kadi 72 kabla vumbi halijala wino. Kuandika upya bango la majina ya zamani, kwa kuwa mstari wa Eswatini umebanwa chini hausomeki. Kukata pembe ya kadi ya pili ya Djibouti, iliyosahaulika.